TAHARIRI: MHURI WA PICHA SI RISITI



Siku hizi vijana wa kupuliza salfa kwenye mikorosho wanadai malipo kwa picha ya simu. Chini ya picha pameandikwa tarehe, saa na mahali, basi mwenye shamba anatoa hela. Tuelewane hapa: maandishi yale ni rangi tu iliyopakwa juu ya picha. Zipo programu za kamera zinazochukua mahali kwenye setilaiti zenyewe, na zipo ambazo mtu anajiandikia apendavyo, hata juu ya picha ya mwaka jana. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Tuchukue mfano. Picha ya shamba la huku Masasi imepigwa mhuri wa 14/07/2025, 08:15, yaani saa mbili na robo asubuhi.

Kwanza tazama kivuli. Mwezi wa Julai, saa hiyo, jua la huku bado liko chini. Mtu akisimama penye tambarare, kivuli chake hufika karibu mara tatu ya urefu wake, nacho huelekea magharibi. Ukikuta kivuli ni kifupi kuliko mtu mwenyewe, picha hiyo ilipigwa jua likiwa juu. Mhuri unasema uongo, hata uwe umeandikwa vizuri namna gani. Kama siku ilikuwa ya mawingu, kipimo hiki hakisaidii.

Pili, dai picha ya asili. Simu huandika ndani ya faili saa ya kupiga, na pia mahali ikiwa imeruhusiwa. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maelezo hayo hufutwa. Kwa hiyo usimwite mtu mwizi kwa sababu hukuyakuta. Mwambie aitume upya kama Document, au alete simu yenyewe. Ukiifungua kwa programu ya ExifTool, tafuta mstari wa GPSTimeStamp. Saa ya setilaiti ni ya Grinwichi, nasi tuko mbele kwa saa 3. Picha ya 08:15 inatakiwa isome karibu na 05:15. Ikisoma 09:40, ilipigwa saa 6:40 mchana, basi aulizwe.

Lakini jamani, hata maelezo ya ndani hubadilishwa na mjuzi, na simu inaweza kudanganywa iko mahali pengine. Vipimo hivi vinaweza kumkamata mwongo, ila haviwezi kumthibitisha mkweli. Njia iliyo ngumu kughushi ni hii: asubuhi ya kazi, mwenye shamba achague neno ambalo hakulitaja jana, ampigie kijana simu, naye aliandike kwa mkaa kwenye kipande cha boksi na kulishika mbele ya mkorosho unaojulikana. Picha ya mwaka jana haiwezi kulijua neno la leo. Akiituma papo hapo, hana nafasi ya kulichora baadaye.