Soma Nyuma ya Pakiti ya Soseji

Wengi wetu tufikapo kwenye friji ya supamaketi hutazama bei na tarehe ya kuharibika, basi. Maandishi madogo nyuma ya pakiti hatuna habari nayo, ilhali ndiyo yanayosema unanunua nyama kiasi gani.

Tuseme mbele yako pana pakiti mbili za soseji za ng'ombe, kila moja gramu 500. Ya kwanza ni shilingi 400 na imeandikwa nyama asilimia 60. Ya pili ni shilingi 500, nyama asilimia 80. Ya kwanza basi ina gramu 300 za nyama, na kilo ya nyama hiyo yakugharimu kama shilingi 1,333. Ya pili ina gramu 400, nayo kilo ni shilingi 1,250. Ile rahisi ndiyo ghali! Kinachojaza pengo ni maji, wanga, soya na chenga za mkate mkavu.

Je, na kama asilimia haikuandikwa? Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Maji yakitajwa kabla ya nyama, wajua unanunua nini. Itafute chumvi pia. Kwa kawaida chumvi ni kama gramu 2 katika kila gramu 100, kwa hivyo kinachotajwa baada yake ni kidogo kuliko hapo. Hata hivyo, asilimia ya nyama huhesabu pamoja na mafuta yake. Mafuta yatazame kwenye jedwali la virutubishi.

Sasa tuingie kwa nitriti, ambayo pakiti huandika E250 au E249. Soseji mbichi nyingi hazina, ndiyo maana hugeuka rangi ya kahawia zikipikwa. Hemu na smoki hubaki na wekundu hata zikichemshwa, na mara nyingi hiyo ni kazi ya nitriti. Haiwekwi kwa urembo tu: huzuia bakteria wanaotoa sumu kali ya botulizimu.

Ubaya wake ni kwamba nitriti ikikutana na nyama, hasa kwenye moto mkali, yaweza kutoa nitrosamini, kemikali zinazohusishwa na saratani. Viwanda vingine huongeza vitamini C, E300 au E301, kupunguza jambo hilo. Mnamo 2015, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka nyama ya kusindikwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana, likikadiria kuwa gramu 50 kila siku huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18. Hiyo ni kama soseji moja.

Nayo pakiti inayojigamba haikuongezwa nitriti, isome hadi mwisho. Ukikuta maji au unga wa mboga ya selari, nitriti imo. Imepitia mlango wa nyuma.