Unatoka na Zilipendwa wa Shosti? Mwambie Mwenyewe Kabla Ubuyu Haujamfikia

Kuna mdada mmoja wa Kinondoni, jina kapuni, juzikati kauona mkono wa shosti wake kwenye stori ya mtu mwingine kabisa. Mkono tu, na bangili aliyomnunulia yeye mwenyewe siku ya bethidei, umetulia begani kwa jamaa aliyeachana naye mwaka jana. Kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, kumbe wote wanajua. Yeye tu ndo alikuwa gizani.

Watetezi wa shosti wakaja na wimbo ule ule: "Si walishaachana? Kwani ana hatimiliki?" Hana, na wala hadai arudishiwe mtu. Kinachomuuma ni ile miezi 4 ya penzi la chini chini, ambayo yeye aliendelea kumpigia shosti usiku akilia kuhusu huyo huyo jamaa. Kwamba bado anamkumbuka, kwamba kaandika meseji akaifuta. Shosti anasikiliza, anasema "pole mwaya, utampata mwingine," anakata simu, anamgeukia jamaa. Huko si kupenda, ni kumchora mwenzako.

Eti alikuwa anasubiri muda muafaka. Muda wenyewe ni ile siku wawili mmekubaliana kwamba sasa ni wapenzi, kabla hamjatoka pamoja sehemu yenye watu mnaojuana. Wiki ya kwanza kuna habari moja tu ya kumpa. Mwezi wa nne ziko mbili, penzi na uongo, na ya pili ndo haisameheki.

Na kusema kwenyewe kuna namna. Ni ana kwa ana au kwa simu, wawili tu, si kwenye kichen pati na si kwa kumtuma jamaa. Maneno hayahitaji maua: "Mimi na fulani tuko pamoja tangu wiki iliyopita. Nimetaka ulisikie kwangu." Halafu kaa kimya, mwache aongee. Usimuulize "umeniruhusu?" wakati akikataa hutaacha, huko ni kumtwisha mzigo wako. Akiuliza mlianza lini, taja tarehe ya kweli, maana ukipunguza hata mwezi, siku akikaa na kuhesabu atajua, na kuanzia hapo ataamini mlianza yeye akiwa bado ndani.

Kusema hakununui msamaha. Anaweza kukublock, akakosa kwenye sendofu yako, na ni haki yake. Ila atakuwa amekasirika akiwa faragha, kwa wakati wake, bila watu kumwangalia usoni waone kama ataangua kilio.

Wewe uliyechelewa, penzi lina miezi na mwenzako bado anakupigia kukusimulia ya moyoni: simu yake inayofuata usimwache amalize sentensi ya kwanza. Mwambie.