Landilodi akipandisha kodi, mjibu kwa barua

Unalipa 8,000 kwa duka lako Kamere, na sasa landilodi anataka 14,000 kuanzia mwezi ujao. Tulia, usigombane naye kwa simu. Kama mkataba wenu ni wa mdomo, au umeandikwa lakini hauzidi miaka 5, Sura ya 301 inakulinda: lazima akupe notisi ya Fomu A, angalau miezi 2 kabla. Wewe mwandikie hivi:

"Nimepata ombi lako. Maduka jirani ya ukubwa huu yanalipa 9,000. Niko tayari kulipa 9,500 kwa miaka 2, kabla ya tarehe 5 kila mwezi."

Baki na nakala, na uendelee kutuma 8,000 kwa M-Pesa. Akileta Fomu A, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1, kisha upeleke kesi kwa baraza la kodi za biashara kabla ya tarehe iliyo kwenye notisi. Ukilala hapo, hiyo 14,000 ndiyo kodi yako.