Fedha Zimekatwa, Mbona Hazijafika?



Mwezi huu tungependa kuzungumza na akina mama, na akina baba pia, wenye watoto wanaosoma nje ya nchi. Wengi wetu hulipa ada kwa dola kupitia benki. Fedha hukatwa kwenye akaunti, risiti hupigwa mhuri, kisha wiki nzima hupita na chuo kinasema hakijapokea kitu. Hapo maneno huanza. Mzazi anadhani chuo kinadanganya, chuo kinadhani mzazi hajalipa, na mtoto aliye katikati anakaribia kuzuiwa kufanya mtihani. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Fedha zipo, ila zimesimama mahali fulani njiani, na mahali hapo panaweza kujulikana.

Kwanza tulielewe hilo neno "zimekatwa". Ukituma gunia la mchele kwa basi, gunia lenyewe husafiri. Fedha za benki hazisafiri hivyo. Kinachosafiri ni ujumbe, na kila benki inayoupokea huandika kwenye daftari lake kwamba huyu apunguziwe na yule aongezewe. Benki yako inapokuonyesha kuwa fedha zimekatwa, inasema jambo moja tu, yaani daftari la kwanza limeshaandikwa. Madaftari mengine yaliyo mbele huenda bado.

Madaftari hayo ni mangapi? Tuchukue mfano wa mama wa Mwanza anayelipa dola 1,200 kwa chuo kilichopo Kampala. Kati ya Mwanza na Uganda kuna ziwa moja tu, lakini dola hizo hupitia New York. Sababu ni kwamba dola ni fedha za Marekani, na benki zetu huweka dola zao katika akaunti walizofungua kwenye benki za huko. Kwa hiyo daftari la kwanza ni la benki ya Mwanza. La pili ni la benki ya New York inayoitunzia benki hiyo dola zake. Ikiwa benki ya Kampala inatunziwa dola zake na benki nyingine ya Marekani, hapo pana daftari la tatu. La mwisho ni la benki ya Kampala yenye akaunti ya chuo. Ujumbe wenyewe hupitia mtandao wa SWIFT, chama cha mabenki kilichoanzishwa Ubelgiji mwaka 1973. SWIFT hubeba ujumbe tu wala haitunzi fedha za mtu yeyote.

Sasa tuone fedha husimama wapi. Mahali pa kwanza ni palepale kwenye benki yako. Kila benki ina saa ya mwisho ya kutuma ujumbe wa siku. Ukifika baada ya saa hiyo unaweza kukatwa leo, lakini ujumbe ukaondoka kesho. Pia benki huweza kungoja karatasi ya kuonyesha fedha ni za nini, kwa mfano ankara ya chuo.

Mahali pa pili ni New York. Huko majina ya mtumaji na mpokeaji hulinganishwa na orodha ya watu waliowekewa vikwazo na Wizara ya Fedha ya Marekani. Jina likifanana na lililomo kwenye orodha, hata kama mtu ni mwingine kabisa, malipo husimamishwa mpaka benki yako ijibu maswali kama anwani kamili au tarehe ya kuzaliwa. Tukumbuke pia kwamba New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kufuatana na majira yao, na benki za huko hufungwa kwa sikukuu ambazo sisi hatuna.

Mahali pa tatu ni benki ya mpokeaji. Ikiwa namba ya akaunti ina kosa, au jina la mpokeaji halilingani na la mwenye akaunti, benki huweza kuziweka fedha pembeni katika akaunti ya muda hadi ipate maelezo. Wakati huo kwako zimekatwa, New York zimepita, na kwa chuo hazionekani.

Tumfuate sasa yule mama wa Mwanza. Alifika benki Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, saa 9 alasiri, akakatwa dola 1,200 pamoja na ada ya benki. Saa ya mwisho ilikuwa imepita, hivyo ujumbe uliondoka Jumanne. Jumatatu iliyofuata binti yake alipiga simu. "Shikamoo mama. Ofisini wanasema hawaoni kitu, na mwisho wa kujiandikisha mtihani ni Ijumaa tarehe 14."

Mama huyo alirudi benki na risiti yake. Mhudumu alitazama kompyuta akamwambia, "Mama, fedha zimeshakwenda." Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa kuwa linahusu daftari la kwanza tu. Wengi huishia hapo wakarudi nyumbani. Yeye aliomba vitu viwili, yaani nakala ya ujumbe wa SWIFT uliotumwa, na namba ya UETR. Tunawasihi wasomaji wetu wavikariri vitu hivyo viwili. Nakala aliyopewa ilikuwa na mistari mingi, lakini iliyomhusu ni hii:

```
UETR: 7c1e4b9a-2d63-4f08-9a5b-31d0c8e6f274
:32A:251104USD1200,00
:59:/0140088213
    JINA LA MWANAFUNZI
:71A:SHA
```

Tuisome pamoja. UETR ni namba ya malipo hayo na hakuna malipo mengine yenye namba kama hiyo. Ina herufi, tarakimu na vistari, jumla 36, na haibadiliki kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho. Tangu Novemba 2018 ni lazima iwemo kwenye kila malipo ya namna hii. Risiti yako ina namba yake, lakini ile ni ya benki yako peke yake, na benki ya Kampala ikipewa hiyo huenda isipate kitu.

Mstari wa 32A unaonyesha mwaka, mwezi na siku ambayo malipo yanahesabiwa, halafu kiasi. Hapa ni tarehe 4 Novemba 2025, dola 1,200. Mstari wa 59 ni namba ya akaunti na jina la mpokeaji. Mstari wa 71A unasema nani atalipa makato ya njiani, na tutaurudia baadaye.

Ujumbe wa aina hiyo uliitwa MT103. Tangu mwishoni mwa Novemba 2025 malipo kati ya nchi na nchi yamehamia kwenye muundo mpya uitwao pacs.008, kwa hiyo karatasi utakayopewa inaweza kuwa na sura nyingine. Usibabaike. Tafuta humo UETR, tarehe, kiasi, akaunti na jina, kwani vyote vipo.

Kwa kutumia UETR, benki huweza kuona malipo yamefika kwa nani. Majibu makuu ni matatu. ACCC maana yake fedha zimeshaingia kwenye akaunti ya mpokeaji. ACSP maana yake bado zinashughulikiwa, na hapo uliza ni benki gani inazishikilia na kwa sababu gani. RJCT maana yake zimekataliwa na zitarudishwa.

Jumatano tarehe 12 mama yetu alipata jibu. Ilikuwa ACSP, na ujumbe ulikuwa umefika benki ya Kampala tangu tarehe 5. Ukiutazama tena mstari wa 59 utaiona sababu. Namba ya akaunti ilikuwa sahihi na ni ya chuo, lakini kwenye nafasi ya jina la mpokeaji fomu ilijazwa jina la binti. Benki ya Kampala iliona akaunti ya chuo na jina la mtu, ikazizuia fedha. Jina la mwanafunzi na namba yake ya usajili vilitakiwa kuandikwa kwenye sehemu ya maelezo ya malipo. Kwenye nafasi ya mpokeaji lilitakiwa jina la chuo, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye ankara.

Siku hiyo hiyo aliandika barua fupi kwa benki yake ya kusahihisha jina, akataja UETR, kiasi na tarehe. Benki ikatuma ujumbe wa masahihisho. Wakati huo huo alimtumia binti yake nakala ya ujumbe ili aipeleke kwa mhasibu wa chuo, naye mhasibu akaiulizia kwenye benki ya Kampala. Kufuatilia kutoka pande zote mbili husaidia sana, maana benki ya mpokeaji humsikiliza mteja wake kwa urahisi kuliko mtu wa mbali. Alhamisi tarehe 13 fedha ziliingia.

Lakini ziliingia dola 1,185. Zile 15 zilikwenda wapi? Hapo ndipo tunaurudia mstari wa 71A. SHA maana yake kila upande hubeba makato yake, na benki za katikati huweza kukata ada yao kwenye fedha zenyewe. OUR maana yake mtumaji hulipa makato yote. BEN maana yake mpokeaji hubeba yote. Kwa ada ya chuo, ambayo haitakiwi kupungua hata dola moja, uliza gharama ya OUR kabla hujasaini fomu. Binti huyo alilipa dola 15 zilizobaki kwa mhasibu na akajiandikisha Ijumaa.

Yapo mambo mawili ambayo mama huyo hakuyafanya, na alifanya vema. Kwanza, hakutuma fedha mara ya pili. Ukituma tena ilhali za kwanza zimesimama, zote mbili zaweza kufika, na kurudishiwa ni safari nyingine. Pili, hakukimbilia kuomba fedha zirudishwe. Ombi hilo ni ombi tu. Zikiwa zimeshaingia kwa mpokeaji, kwa kawaida hutakiwa akubali, na zinaporudi huja zimepungua kwa makato ya njiani. Kurekebisha jina ni jambo jepesi kuliko kurudisha.

Ikiwa benki yako haikupi nakala wala jibu, andika malalamiko kwa barua, ibakishe nakala iliyopigwa mhuri wa mapokezi, na uandike humo tarehe ulizofika. Usiporidhika na jibu, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa benki, lakini itataka kwanza kuona kwamba uliilalamikia benki yenyewe.

Mama, kabla muhula mwingine haujaanza, itoe ankara ya chuo kabatini uilinganishe na fomu uliyojaza mara ya mwisho. Anza na mstari wa jina la mpokeaji.