Kahawa Haisafishi Tumbo

Hapa Kigoma kuna neno linalosemwa kila asubuhi na hakuna anayelipinga: kahawa chungu ikinywewa kabla hujatia kitu tumboni, inasafisha tumbo. Wazee wanalisema vibarazani Ujiji, na wavuvi wanalisema mwaloni Kibirizi mitumbwi inapoingia na dagaa. Kijana akinywa vikombe viwili, kisha akashika tumbo na kukimbilia chooni, anaambiwa, “Ndiyo kazi yake hiyo, mwanangu, uchafu unatoka.” Mikono ikitetemeka, anaambiwa imemkolea. Akisikia kichefuchefu, anaambiwa ni nyongo, aongeze kikombe kingine itulie.

Hakuna hata moja la kweli hapo, na ushauri wa kuongeza kikombe unawaumiza watu.

Tumfuate mvuvi mmoja kwa saa yake. Amekula ugali wa muhogo na mgebuka saa kumi na mbili jioni, akaingia ziwani, akakesha juu ya nyavu na taa. Saa kumi na mbili asubuhi yuko nchi kavu, tumbo tupu kwa nusu siku, na muuza kahawa amemmiminia kutoka kwenye dele. Dakika kumi hazijapita, haja kubwa imembana. Sasa jiulize kahawa hiyo iko wapi mwilini. Nyingi bado iko tumboni, na kidogo ndiyo kwanza inaingia utumbo mwembamba, ambao una urefu wa mita kama sita. Baada ya huo kuna utumbo mpana, karibu mita moja na nusu, ndipo mlango wa kutokea. Chakula huchukua siku nzima, mara nyingi zaidi, kuimaliza safari hiyo. Alichokiacha chooni mvuvi wetu ni mabaki ya ugali wa jana au juzi, yaliyokuwa yakingoja mwishoni kabisa mwa njia. Kahawa haijayagusa. Haiwezi kusafisha mahali ambapo haijafika.

Kinachotokea ni kwamba kahawa ikitua tumboni, tumbo hupeleka habari chini kwa mishipa ya fahamu na kwa homoni, na misuli ya mwisho wa utumbo mpana huanza kujikaza. Hata chakula hufanya hivyo, ndiyo maana wengi huenda chooni baada ya kustaftahi; tena asubuhi utumbo mpana huwa umeamka na uko tayari. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Waliwawekea watu vipimo kwenye sehemu hiyo ya utumbo, wakawanywesha kahawa. Kwa waliozoea kubanwa na kahawa, misuli iliongeza kasi ndani ya dakika nne na ikaendelea kwa nusu saa au zaidi. Kwa wengine hakukutokea kitu. Maji ya moto peke yake hayakufanya kazi hiyo. Kahawa iliyoondolewa kafeini ilifanya, kwa hiyo kafeini si mhusika pekee. Na katika watu 99 walioulizwa, ni asilimia 29 tu waliosema kahawa huwapeleka chooni. Kama kubanwa kungekuwa ushahidi wa uchafu kutoka, tungelazimika kusema kwamba wale wengine wote wanabaki wachafu na kahawa yao, jambo ambalo hakuna mzee wa Ujiji atakayelikubali.

Kichefuchefu kina chanzo kingine, na nyongo inasingiziwa. Kahawa huliamsha tumbo litoe asidi, kwa kuchochea homoni iitwayo gastrini. Tumbo likiwa na mhogo au chapati, asidi hiyo inapata cha kuchanganyika nacho. Likiwa tupu, asidi inabaki na ukuta wa tumbo, na mtu anasikia kiungulia, mate kujaa mdomoni, kutaka kutapika. Kumwongezea kikombe mtu aliye katika hali hiyo ni kumwongezea asidi. Niseme pia lisilosemwa na wapinzani wa kahawa: vidonda vya tumbo kwa kawaida havianzishwi nayo. Huletwa na bakteria, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa ovyo. Lakini mwenye kidonda tayari, kahawa kabla ya chakula itamkumbusha kilipo.

Kutetemeka, hapo ndipo kafeini inapohusika yenyewe. Mwilini kuna kemikali iitwayo adenosini inayojikusanya kadiri mtu anavyokesha, nayo humwambia apumzike. Kafeini hukaa kwenye nafasi zake na kuizuia isisikike, na adrenalini hupanda. Kwa tumbo lenye chakula, kafeini huingia kwenye damu polepole. Kwa tumbo tupu huingia kwa haraka, kilele chake kinafika mapema na kinakuwa juu zaidi: moyo unakwenda mbio, vidole havitulii, jasho jembamba linatoka. Anayesema imemkolea anashangilia dalili za dozi iliyozidi.

Dozi yenyewe watu hawaipimi, kwa sababu wanaipima kwa uchungu. Uchungu hutokana sana na kukaanga na kuchemsha, si kipimo cha kafeini. Arabika ya kwetu, ile ya Kalinzi, Buhigwe na Kasulu, ina kafeini karibu nusu ya robusta ya Bukoba, hata zikikaangwa zote mpaka zikawa nyeusi sawasawa. Tuseme vikombe vitatu vidogo vya mvuvi wetu vimempa miligramu 180. Mwili wa mtu mzima hupunguza kafeini kwa nusu katika saa tano hivi. Saa tano asubuhi, akiwa kitandani anatafuta usingizi alioukosa usiku, bado ana kama 90. Mama mjamzito huitoa polepole zaidi, hasa miezi ya mwisho, na inashauriwa asizidishe miligramu 200 kwa siku nzima.

Dawa ya haya yote ni kubadili mpangilio. Kula kwanza vipande viwili vya mhogo wa kuchemsha au chapati, kisha unywe kikombe kimoja, upige soga, ndipo ufikirie cha pili. Kashata moja haitoshi kuitwa chakula, ingawa ya karanga ni afadhali kuliko bure. Haja inaweza kukubana hata hivyo, maana chakula nacho huamsha utumbo, lakini kichefuchefu na mtetemeko vitapungua.

Ninalikazania hili kwa sababu ya mkoa tunaoishi. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, MV Liemba ikawa inawaleta mjini, kipindupindu kiliwaua watu wapatao 30 na kuwaambukiza maelfu. Ugonjwa huo haujausahau mwambao huu. Mtu aliyefundishwa kwamba kuhara asubuhi ni kusafishwa, atakaa nyumbani akifurahi huku maji yakimwishia mwilini. Kahawa humpeleka mtu chooni mara moja, pengine mbili, ndani ya saa moja, na choo huwa cha kawaida au laini kidogo. Choo cha maji kikija mara ya tatu, hasa kikiwa cheupe kama maji yaliyooshea mchele, kahawa haihusiki tena. Apewe ORS hapohapo, aendelee kuinywa njiani akipelekwa kituo cha afya.