Kuka na Kukhu Si Kontenti Yako

Acha niseme, mkikasirika sawa. Wengi wetu hatuwapeleki wazee likizo, tunawapeleka kupiga picha zetu.

Binamu zangu wanachanga ndio kukhu, mwalimu mstaafu wa Bungoma, na kuka waende Dubai mwezi wa nane. Hawajawahi kutoka Kenya. Siku nne: Burj Khalifa asubuhi, jangwa jioni, boti usiku. Sasa piga hesabu. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni siku nzima barabarani, kisha ndege kama saa tano, halafu joto la Agosti linalopita nyuzi 40. Na kukhu ana goti baya. Hapo anapumzika saa ngapi?

Mimi nasema Sipi, Uganda. Najua mtacheka, "hiyo si majuu." Majuu ni ya nani, yao ama yako? Hawa wazee wameangalia Mlima Elgon kutoka upande huu maisha yao yote. Waonyeshe mgongo wake. Unatoka Kitale, unapita Endebess, unavuka Suam, halafu ni lami ya kama kilomita 73 hadi Kapchorwa, na Sipi iko mbele kidogo. Mkenya anavuka na kitambulisho tu. Hewa ni baridi kama ya nyumbani.

Lala usiku tatu, chumba kimoja, bila kuhamahama. Siku ya kwanza ni kufika na kulala. Ya pili, maporomoko asubuhi. Yako matatu, na lile refu lina karibu mita 100. Usikubali washushwe hadi chini yake, njia ni mteremko mkali na kuna ngazi. Linaonekana vizuri ukikaa ng'ambo na kikombe cha chai. Mchana walale. Siku ya tatu, kama wana nguvu, Mbale, ambako kukhu ataongea Lubukusu na Wagisu wamsikie. Kama hawana, wakae.

Kabla ulipe chumba, itisha picha ya choo na ya njia ya kwenda mezani. Ukiona ngazi, tafuta kwingine.

Na kitu kimoja hakuna mtu anafikiria: Uganda inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Inadungwa angalau siku 10 kabla. Lakini kwa mtu wa miaka 60 kwenda juu anayedungwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makali, ingawa ni nadra, huongezeka. Kwa hivyo waone daktari mapema, waseme dawa zote wanazomeza, yeye ndiye aamue. Akikataa wadungwe, mwombe barua ya msamaha na muulize mpakani kama itakubaliwa, kabla ya kulipa chochote.

Binamu, kabla mtume pesa, nendeni mkae na kukhu. Muulizeni anataka kuona nini, na anataka kuamka saa ngapi. Hadi leo hakuna aliyemuuliza.