Hiyo "samahani kwa kusumbua" ndiyo inakuchelewesha

Wasee wa biashara ndogo hapa Ukunda, Diani mpaka Msambweni, tuongee kuhusu meseji ya kudai. Watu hunitumia zao niwapangie vizuri, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: anayedai anaandika kama anayeomba.

Chukua ya dada mmoja fundi cherehani. Alishona mapazia 8 ya koteji moja Diani, kila moja 2,300, jumla 18,400. Dipoziti ya 10,000 iliingia, salio 8,400 likamalizwe tarehe 31 Machi. Tarehe 21 Aprili akataka kutuma hivi:

"Mambo kaka, samahani kwa kukusumbua. Naulizia tu ile pesa, hata kama ni kidogo nisaidie, mtoto anadaiwa karo. Mungu akubariki."

Soma tena polepole. Pesa gani? Ngapi? Ilikuwa ilipwe lini? Hakuna. Halafu "hata kidogo" ni ruhusa: atatuma 500 na roho yake itulie. Na karo iache kabisa. Ukimletea shida yako, naye atakuletea yake, na Aprili huku pwani kila mtu anayo. Masika imeanza, wageni wamepungua, hoteli zingine zinafunga kwa muda. Yeye anadaiwa kwa sababu mapazia yako yananing'inia kwenye madirisha yake, basi.

Lakini kuna kitu kikubwa zaidi ambacho wengi hawakioni. Huyo kaka ni mwangalizi tu wa koteji. Mwenye pesa yuko Nairobi, pengine Ulaya, na hajawahi kukuona. Kwa hiyo meseji yako itasomwa na mtu wa pili, na lazima aielewe bila kuuliza swali. "Ile pesa" haiwezi kufowadiwa. Voisi noti ya dakika tatu pia haiwezi, jameni. Tukaiandika upya:

"Salaam aleikum kaka, habari za asubuhi. Hii ni kuhusu mapazia 8 ya koteji niliyoyaleta tarehe 14 Machi. Jumla ilikuwa 18,400, nimepokea 10,000, salio ni 8,400. Tulikubaliana limalizwe tarehe 31 Machi. Naomba lilipwe kufikia Ijumaa tarehe 24 Aprili. Kama kuna pazia lenye kasoro, niambie leo nije nilirekebishe. Kama Ijumaa haitawezekana, niandikie tarehe itakayowezekana. Asante."

Chini yake aliweka namba ya M-Pesa pamoja na jina linalotokea mtu akituma, ili huyo bosi wa mbali asiogope kutumia pesa mgeni.

Ona kwamba heshima haikupungua. Imo kwenye salamu, kwenye "naomba", kwenye asante. Iliyotoka ni samahani, kwa sababu hakuna kosa alilofanya. Ile sentensi ya kasoro naipenda zaidi. Wateja wengine hunyamaza kwa sababu pazia moja ni fupi na wanaona haya kusema, au wanaliweka kama kisingizio cha baadaye. Ukiuliza mapema, unajua unapambana na nini. Na ile ya tarehe inamlazimu kujibu kitu. Akiandika "ni kweli, nitalipa 8,400 tarehe 2 Mei", ameshakiri deni kwa maandishi. Usiifute hiyo chati.

Sasa nyinyi mnaopenda kuanika watu kwenye stetasi na picha zao, mimi sikubaliani nanyi hata kidogo. Ukishamwaibisha, hana tena sababu ya kukulipa ili jina lake libaki safi. Na Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, kwa hiyo deni lako la 8,400 linaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Hata zile apu za mikopo zilikatazwa mwaka 2022 kutumia majina ya simu yako kuwasumbua jamaa zako.

Ijumaa ikipita kimya, tuma ya pili, fupi zaidi: salio, tarehe mpya, na jambo moja ambalo kweli utalifanya. "Mashuka mliyoagiza nitaanza kuyashona salio likishaingia." Usitishe polisi, deni la mapazia si kazi yao. Kikizidi, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ila kwa 8,400 piga hesabu ya nauli na siku utakazofunga duka kwanza.

Na akijibu "sawa" peke yake? Hilo si jibu bado. Mrudishie palepale: "Asante kaka. Sawa ya Ijumaa, au ya tarehe gani?"